Kabla ya kuuza friza, mama wa Endasak alihesabu gharama za kila chupa

Friza lilikuwa limeshapata mnunuzi. Mwanaume mmoja wa Katesh alikuwa amelitazama, akafungua na kufunga mlango mara mbili tatu, akataja Sh450,000. Baba mwenye nyumba aliona hiyo ni bei nzuri, kwa kuwa binti yao mkubwa alikuwa ameanza kidato cha kwanza Januari, anakaa hosteli, na salio la michango lilikuwa halijamaliziwa.

"Mama watoto, hii biashara inatulisha sisi au sisi ndio tunailisha?" alimwuliza mkewe.

Mama hakuwa na jibu. Kwa miaka miwili alikuwa akitengeneza mtindi nyumbani kwake Endasak, wilayani Hanang. Kila siku alinunua lita 20 za maziwa kwa wafugaji watano wa jirani kwa Sh1,000 lita, akayachemsha, akayagandisha, akajaza chupa 40 za nusu lita. Chupa 12 aliziuza pale pale Endasak, na zilizobaki zilikwenda Katesh kwenye maduka na hoteli ndogo. Kila chupa Sh1,200. Jumapili hafanyi kazi, kwa hiyo mwezi una siku 26 na chupa 1,040. Hiyo ni Sh1,248,000 inayopita mikononi mwake kila mwezi, na bado mwisho wa mwezi alikuwa akikopa sukari dukani.

Alichomwomba mumewe ni muda. Ampe mwezi mmoja mzima aandike kila shilingi inayotoka, halafu waamue.

Mwandishi alikuwa mtoto wao wa kiume wa darasa la sita. Kila jioni baada ya chakula mama alimtajia matumizi ya siku, naye akayaandika kwenye daftari la shule lililobaki kurasa nyingi. Vocha ya Sh500 asubuhi, nyingine ya Sh1,000 saa nane. Bodaboda Sh5,000. Luku Sh10,000. Jambo moja walilolifanya vizuri ni kuandika pembeni ya kila tumizi lilikuwa la nini na la nani. Bila safu hiyo, daftari lingewaambia tu kwamba fedha zimekwisha, jambo walilokuwa wanalijua tayari.

Mwisho wa mwezi walijumlisha. Maziwa yalikula Sh520,000 na mkaa Sh90,000. Chupa mpya, kwa Sh200 kila moja pamoja na mfuniko na karatasi ya jina na tarehe, zilikula Sh208,000. Usafiri ulikuwa Sh170,000, umeme Sh57,000 na vocha Sh45,000. Kilichobaki kilikuwa Sh158,000.

Kisha mama akafanya hesabu ambayo wafanyabiashara wadogo wengi hawaifanyi: aligawanya kila gharama kwa idadi ya chupa alizouza. Ndani ya kila chupa ya Sh1,200 kulikuwa na maziwa ya Sh500, chupa yenyewe Sh200, usafiri Sh163, mkaa Sh87, umeme Sh55 na vocha Sh43. Faida ilikuwa Sh152. Alipoona usafiri peke yake unazidi faida yake, alinyamaza kidogo.

Baba alipoona orodha hiyo aliona njia ya mkato. Kubwa kuliko zote baada ya maziwa ni chupa, basi wakusanye chupa tupu za maji stendi na kwenye mikutano, wazioshe, watumie hizo. Sh208,000 zingebaki nyumbani mwezi wa kwanza tu.

Wengi wangemwunga mkono, maana ni jambo linalofanyika sehemu nyingi nchini. Tatizo ni kwamba chupa ya maji haisafishiki kwa kiwango cha maziwa. Shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii na brashi haifiki kwenye pembe za chini. Dawa ya uhakika ya nyumbani, maji yanayochemka, huifanya plastiki hiyo isinyae na kupinda. Kwa hiyo utando mwembamba wa maziwa au uchafu wa mtumiaji wa kwanza hubaki ndani, na vijidudu huwa na pa kuanzia. Muuzaji atachemsha maziwa vizuri kabisa na kuua vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba unaotoka kwa ng'ombe, halafu atayamimina kwenye chombo kitakachoyaharibu upya. Dalili huonekana mapema: mfuniko unavimba, chupa inakuwa ngumu ukiibonyeza, na ukifungua inatoa hewa na harufu isiyo ya mtindi.

Mama hakubishana. Alimpigia simu mwenye duka mmoja wa Katesh, anayechukua chupa nyingi kuliko wote, akamwuliza kama angepokea mtindi kwenye chupa za maji zilizooshwa.

"Dada, hizo usiniletee. Wateja wangu wanaangalia mfuniko kwanza," alijibiwa.

Simu ya dakika moja iliokoa soko la Katesh. Hapo ndipo mama alipopata swali aliloendelea kulitumia kwa kila mstari wa daftari: nikipunguza hapa, mnunuzi atagusa, ataonja au ataona tofauti gani? Kama ataona, ulizia kwanza. Kama hataona, jaribu wiki mbili ukiangalia mauzo.

Kwenye chupa, swali hilo lilimpeleka kwingine. Alipofuatilia chupa 28 za Katesh zinakwenda wapi, aligundua 12 kati yake zilikwenda kwenye hoteli ambako mhudumu huzifungua papo hapo, humimina mtindi kwenye glasi na kutupa chupa. Mlaji wa pale haioni kabisa. Mama alikuwa akilipa Sh200 kwa kitu kinachoishi dakika tano.

Hoteli hizo alianza kuziuzia kwa lita, lita sita kwa siku, kwenye keni ya aluminiamu yenye mdomo mpana, zile wanazotumia wafugaji kupeleka maziwa. Keni inasuguliwa kwa mkono hadi chini na inavumilia maji ya moto. Alinunua mbili, moja ikiwa safarini nyingine inaoshwa na kukaushwa, kwa jumla ya Sh140,000. Hoteli aliwapunguzia Sh100 kwa lita ili wakubali kuirudisha keni siku hiyo hiyo. Kwa mwezi chupa 312 hazikununuliwa, yaani Sh62,400. Ukitoa punguzo la Sh15,600, zilibaki Sh46,800. Keni zilijilipa zenyewe kwa miezi mitatu. Mwenye duka naye aliendelea kupata chupa mpya yenye karatasi na tarehe kama kawaida.

Mifuko ya kubebea nayo ilikuwemo kwenye daftari, lakini kidogo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, wateja wengi wa nyumbani huja na mfuko wao, na wasiokuja nao hubeba chupa mkononi. Mama aliacha hapo, hakuona cha kupunguza.

Usafiri ndio uliomchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ulikuwa gharama mbili zilizojificha kwenye jina moja. Ya kwanza ni bodaboda ya kupeleka mzigo Katesh kila siku, Sh5,000, jumla Sh130,000. Ya pili ni safari yake ya kila wiki kwenda Babati kununua chupa. Nauli, bodaboda za mjini na malipo ya mzigo zilifika Sh10,000 kwa safari, Sh40,000 kwa mwezi.

Jaribio la kwanza lilikuwa kupeleka mzigo mara tatu kwa wiki badala ya sita. Hesabu ilionekana safi: mtindi uliopoa vizuri hukaa kwenye friji siku kadhaa bila shida, na pikipiki moja inabeba chupa za siku mbili bila kulalamika. Wiki ya kwanza maduka hayakuona tofauti yoyote. Hoteli ziliona, tena haraka. Mbili kati yake hazina friji, na mtindi wa siku ya pili ulikuwa umekuwa mkali mno. Mhudumu mmoja alisema wateja wanaacha nusu glasi. Kwenye daftari, lita za hoteli zilishuka kutoka sita hadi nne siku zile. Angeendelea hivyo mwezi mzima, nauli iliyookolewa ingepotea kwenye mtindi usionunuliwa.

Aligawa safari kufuatana na mteja. Maduka, ambayo yana friji, bodaboda huwapelekea Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku hizo keni ya hoteli hupanda pikipiki hiyo hiyo. Siku tatu zilizobaki keni peke yake hupelekwa na konda wa Noah za asubuhi zinazopita barabara ya Babati kwenda Katesh, kwa Sh1,500 kwenda na kurudi, na mhudumu wa hoteli huipokea stendi. Gharama ya kupeleka mzigo ikawa Sh84,500 badala ya Sh130,000. Lita sita zikarudi.

Konda naye ana matatizo yake. Siku ya mnada au sikukuu gari hujaa na keni huachwa, na mara moja ilirudi bila mfuniko. Mama alifunga mfuniko kwa mnyororo mdogo na akakubaliana na makonda wawili badala ya mmoja.

Safari ya Babati alitaka kuifanya mara moja kwa mwezi. Hapo kikwazo kilikuwa mtaji. Chupa za mwezi mzima, hata baada ya kupunguza zile za hoteli, ni 728, na kuzilipia kwa mkupuo ni Sh145,600. Fedha hizo zikikaa stoo, siku ya kuwalipa wafugaji zitatoka wapi? Na wafugaji wakicheleweshewa, jirani mwenye fedha mkononi huchukua maziwa yao. Aliamua kwenda kila baada ya wiki mbili. Aliokoa Sh20,000 badala ya Sh30,000, akalala bila deni la maziwa.

Umeme ulikuwa na mshangao wa aina nyingine. Baba alikuwa na hakika kwamba friza ndilo linalomaliza Luku, na ushauri wake ulikuwa lizimwe usiku, kwa kuwa Endasak usiku kuna baridi ya Hanang na hakuna anayenunua mtindi saa nane za usiku.

Njia ya kujua friza linakula nini haihitaji fundi. Saa nne usiku walizima kila kitu kasoro friza na taa moja, mama akaandika uniti zilizosomeka kwenye mita. Saa 12 asubuhi akaandika tena. Uniti moja ilikuwa imetumika kwa saa nane, yaani karibu tatu kwa siku. Kwa mwezi ni kama uniti 90. Nyumba nzima ilikuwa ikitumia 160. Kumbe uniti 70 zilikuwa za pasi, runinga, taa na hita ya maji, ambazo mtindi ulikuwa ukizilipia.

Ili kujua bei ya uniti moja, alichukua stakabadhi ya Luku na kugawanya fedha kwa uniti. Sh10,000 zilimpa uniti 28 na kidogo, yaani Sh356 na senti kidogo. Hiyo ni bei ya kundi la matumizi ya kawaida, T1, ambayo Ewura iliipanga Sh292 mwaka 2016 kabla ya kodi na tozo. Jirani yake anayepata uniti 75 kwa Sh9,150 yuko kundi la D1, la wanaotumia umeme kidogo nyumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na ndiyo maana analipa Sh122 kwa uniti. Mwenye friza la biashara hawezi kukaa kundi hilo, na uniti zinazozidi 75 huko ni ghali kuliko hata za T1. Mama aliliacha wazo la kulifukuzia.

Kitu kingine kinachopotosha hesabu ni manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kodi ya jengo, Sh1,500 kwa nyumba ya kawaida, hukatwa kwenye Luku. Anayenunua umeme wa Sh10,000 tarehe mosi hupata karibu uniti 24 badala ya 28, na kudhani bei imepanda au mita imeharibika. Kodi hiyo ni ya nyumba, si ya mtindi, na mama aliiandika huko.

Walijaribu kuzima friza usiku mmoja, likiwa na chupa chache ili hasara isiwe kubwa. Asubuhi mota ilinguruma bila kupumzika kurudisha ubaridi, na ilipofika saa nne usiku uniti zilizookolewa kwa siku nzima zilikuwa kama theluthi moja. Ni Sh120. Chupa nne za juu zilikuwa zimeanza kuvimba mfuniko. Mzigo mzima wa siku una thamani ya Sh48,000, hivyo usiku mmoja mbaya unafuta akiba ya zaidi ya mwaka mzima.

Kilichosaidia ni mambo matatu madogo ambayo mnunuzi hawezi kuyaona. Friza lilikuwa limegusana na ukuta wa jikoni, joto la jiko linalipiga mgongoni, wakalisogeza nafasi ya mkono mmoja. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea: ukibana noti ya Sh1,000 kati ya mlango na friza halafu ukaivuta, ilitoka bila kukwama. Walibadilisha mpira. Na mama aliacha kuingiza mtindi ukiwa bado na uvuguvugu, akaanza kuupooza kwanza kwenye beseni la maji ya baridi. Kipimo cha usiku kilishuka kutoka uniti moja hadi 0.6. Kwa mwezi ni uniti 36, kama Sh12,800. Si fedha nyingi, lakini haikumgharimu hata mteja mmoja.

Vocha zilileta ugomvi mdogo. Kwenye simu ya mama zilibaki meseji za kila kifurushi alichonunua, na mtoto wa darasa la sita alipozijumlisha alisita. Kati ya Sh45,000, Sh19,000 zilikuwa vifurushi vya intaneti vya jioni, na jioni simu ya mama huwa kwake mwenyewe na kwa baba, wanatazama video. Hakuna aliyemgombeza, lakini tangu siku hiyo fedha hizo zimo kwenye ukurasa wa nyumba.

Zilizobaki, Sh26,000, zilikuwa simu za asubuhi kwa wateja tisa kuuliza wanataka kiasi gani. Hapa mama alikaribia kukosea. Alifikiri kutuma meseji kungetosha. Kwa siku nne alituma, na siku mbili kati ya hizo duka moja halikujibu. Alipofika, mwenye duka alikuwa amenunua kwa mwingine. Meseji inasomwa saa nne, wakati oda zinatolewa saa moja. Alirudi kupiga simu, ila akahama kutoka vifurushi vya siku kwenda vya wiki, ambavyo kwa dakika zile zile vilimgharimu Sh16,000 kwa mwezi. Sh10,000 zilibaki.

Mwishoni mwa Aprili walikaa tena na daftari. Umeme wa nyumba na vocha za nyumba, jumla kama Sh44,000, viliondolewa kwenye mzigo wa mtindi. Hiyo haikuwa akiba, maana familia bado inazilipa, lakini ilionyesha kwamba hata mwezi ule wa kwanza biashara ilikuwa ikizalisha kama Sh202,000, si Sh158,000. Juu yake kukaja akiba yenyewe: Sh46,800 za chupa, Sh65,500 za usafiri, Sh12,800 za umeme na Sh10,000 za vocha. Faida ikawa karibu Sh337,000 kwa chupa na lita zile zile, bei ikipungua kwa hoteli tu.

Baba aliipitia jumla hiyo mara mbili kwa kalamu yake mwenyewe. Kisha akampigia mtu wa Katesh kumwambia friza haliuzwi. Salio la hosteli walilimaliza Mei, kwa awamu mbili.

Mkaa bado haujaguswa. Mama anajua Sh90,000 ni nyingi, lakini kuchemsha maziwa nusu nusu ili kubana moto ni jambo ambalo hataki hata kulijaribu kwa wiki mbili.

Kinachomsumbua sasa ni kiangazi. Kuanzia Agosti malisho yakikauka ng'ombe hupunguza maziwa, na mwaka jana alishuka hadi lita 12 kwa siku. Bodaboda haishuki bei kwa sababu mzigo ni mdogo. Usafiri ambao sasa ni kama Sh100 kwa chupa utapanda hadi Sh167 akibaki na safari zile zile. Baba anasema wakati huo waache maduka wabaki na hoteli na wateja wa nyumbani. Mama anaogopa kwamba duka likizoea mtindi wa mwingine kwa miezi mitatu halitamrudia Desemba. Mtoto ameshachora ukurasa wa Agosti, safu zote ziko tayari, na nafasi ya safari za Katesh ameiacha wazi.